Mshahara wa milioni 1.4, jibu la benki milioni 2: uchambuzi wa kisa cha mkopo binafsi Dar es Salaam

Kisa hiki ni cha mwombaji mmoja wa mkopo binafsi usio na dhamana ya nyumba wala kiwanja. Jina la mwombaji, mwajiri wake na benki vimeondolewa, na baadhi ya maeneo yamebadilishwa. Nimekichagua kwa sababu mtu yule yule, akiwa na kazi ile ile na mshahara ule ule, aliambiwa anakopesheka kwa milioni 2, kisha miezi sita baadaye benki hiyo hiyo ikawa tayari kumpa zaidi ya milioni 11. Hakupandishwa cheo wala mshahara. Kilichobadilika ni makato yake, mkataba wake na karatasi zake.

Usuli

Mwombaji, tumwite Rehema, ni mtaalamu wa maabara katika hospitali binafsi jijini Dar es Salaam. Ana mwaka wa sita pale, kwa mikataba ya miaka miwili miwili inayohuishwa. Ana watoto wawili wanaosoma, na boma huko Chanika ambalo alitaka kulipaua kabla ya masika. Fundi alimpa hesabu ya mbao, bati, misumari na ufundi, naye akaongeza milango na madirisha, jumla ikafika milioni 12. Aliomba kiasi hicho kwa miezi 48.

Mshahara wake wa msingi ni shilingi 1,200,000. Juu yake kuna posho ya nyumba na usafiri ya 200,000 isiyobadilika, hivyo jumla kabla ya makato ni 1,400,000. Akiingia zamu za ziada hupata malipo ya ziada yanayopanda na kushuka, na mwezi mzuri hufika 300,000. Nje ya kazi ana vyumba viwili Mbagala anavyopangisha kwa 80,000 kila kimoja kwa mwezi.

Kabla mshahara haujafika benki, makato haya huondoka. NSSF huchukua asilimia 10, yaani 140,000. Kodi ya mapato hukokotolewa kwenye 1,260,000 inayobaki: sehemu ya hadi milioni moja hulipiwa jumla ya 128,000, na 260,000 iliyozidi hukatwa asilimia 30, ambayo ni 78,000. Kodi yote inakuwa 206,000. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 180,000. Saccos ya kazini hukata 120,000 kwa mkopo ambao wakati huo ulikuwa umebakiza miezi 14. Mwezi usio na zamu za ziada, kinachoingia kwenye akaunti yake ni 754,000.

Ombi la kwanza

Rehema alikuja na hesabu aliyoifanya nyumbani. Mwezi mzuri huingiza 943,000 kwenye akaunti, akiongeza kodi ya vyumba 160,000 anapata 1,103,000. Afisa wa tawi alikuwa ameshamwambia kwamba rejesho la milioni 12 kwa miezi 48, kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka kwenye salio linalopungua, ni kama 346,000 kwa mwezi. Akitoa hiyo, anabaki na 757,000. Kwa mtazamo wake hapakuwa na tatizo.

Alileta slipu tatu za mshahara, barua ya utambulisho ya mwajiri, nakala ya kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa, na taarifa ya akaunti ya miezi sita yenye mhuri. Baadaye aliombwa mkataba wa ajira na taarifa ya M-Pesa, akavileta.

Kwenye taarifa ya akaunti palikuwa na jambo lililomgharimu. Rafiki yake alikuwa amemshauri "azungushe hela" ili akaunti ionekane hai, kwa hiyo mwezi mmoja kabla ya kuomba aliweka 600,000 aliyoazima kwa kaka yake, akaitoa, akaiweka tena wiki iliyofuata. Mchambuzi wa mikopo alimpigia simu.

"Dada Rehema, hii laki sita iliingia saa nne asubuhi, saa tisa mchana haipo. Wiki iliyofuata vile vile. Hii ni biashara gani?"

"Ni hela ya kaka yangu, alinipa nimshikie."

"Basi hii si kipato chako, dada. Naiondoa."

Hakunyimwa mkopo kwa sababu hiyo, ila mchambuzi alirudi kwenye kila muamala wa kuingia usio mshahara na kuuondoa. Hata kodi halisi ya mpangaji, iliyokuwa imewekwa taslimu bila maelezo, ikaondoka pamoja na hela ya kaka.

Kutoka kwenye kanzidata ya taarifa za mikopo likatokea deni la mkopo wa simu wa shilingi 38,000 lililochelewa zaidi ya mwaka. Lilikuwa kwenye laini ambayo Rehema aliipoteza na hakuirudisha. Alikuwa amelisahau kabisa. Taarifa ya M-Pesa nayo ilionyesha anakopa kidogo kidogo kwenye simu karibu kila wiki, elfu kumi, elfu ishirini, na kulipa mshahara ukiingia.

Hesabu ya benki, hatua kwa hatua

Hapa ndipo waombaji wengi hupotea, kwa hiyo nitakwenda polepole. Kila benki ina sera yake. Benki ya kisa hiki ilitumia vipimo viwili kwa pamoja, na ombi lilipaswa kupita vyote.

Kipimo cha kwanza ni kile cha theluthi, kinachofahamika sana kwa watumishi wa umma: baada ya makato yote pamoja na rejesho jipya, mkononi isibaki chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi. Kwa Rehema theluthi ni 400,000. Kipimo cha pili ni kwamba marejesho yote ya madeni kwa pamoja yasizidi nusu ya kipato kilichothibitishwa, baada ya kutoa kodi na mchango wa hifadhi ya jamii. Kwa watu wa mshahara wake, hiki cha pili ndicho hubana mapema.

Benki ilianza na kipato kisichobadilika. Jumla 1,400,000, toa NSSF 140,000, toa kodi 206,000, inabaki 1,054,000. Malipo ya zamu za ziada hayakuhesabiwa. Slipu zilikuwa tatu tu, na kwenye taarifa ya akaunti ya miezi sita kulikuwa na miezi miwili ambayo mshahara ulioingia ulikuwa 754,000 kamili, ishara kwamba miezi hiyo hapakuwa na zamu. Kipato kinachoweza kuwa sifuri benki hukihesabu kuwa sifuri. Kodi ya vyumba haikuhesabiwa kwa sababu hapakuwa na mkataba wa pango wala malipo yanayoonekana.

Nusu ya 1,054,000 ni 527,000. Hiyo ndiyo nafasi yake yote ya madeni. Kutoka hapo yakaondolewa madeni yaliyopo: Bodi ya Mikopo 180,000, Saccos 120,000, na 40,000 ambayo mchambuzi aliiweka kama wastani wa mzigo wa mikopo ya simu kwa mwezi. Nafasi iliyobaki kwa rejesho jipya ikawa 187,000. Rejesho la 346,000 halikuwa na pa kukaa.

Bado palikuwa na kizuizi kikubwa zaidi, nacho ni muda. Mkataba wa ajira ulikuwa umebakiza miezi 14, na sera ya benki ilitaka mkopo uishe angalau miezi miwili kabla ya mkataba kuisha. Miezi 48 ikageuka 12. Rejesho la 187,000 kwa miezi 12, kwa riba ile ile, linabeba mkopo wa kama milioni 2.05. Benki ikajibu: milioni 2, kwa sharti kwamba deni la 38,000 lilipwe kwanza.

Linganisha nguvu za vizuizi hivi viwili. Kama mkataba ungekuwa wa kudumu na miezi 48 ikakubalika, 187,000 ile ile ingebeba karibu milioni 6.5. Mkataba peke yake ulimpunguzia zaidi ya milioni 4, na hakuna aliyekuwa amemwambia aulete alipokuja mara ya kwanza.

Uamuzi wa kutochukua

Rehema alikataa milioni 2, na nadhani alifanya sawa. Fedha hiyo isingepaua boma, ingenunua mbao tu, na rejesho lake la 182,000 kwa mwezi lingejaza nafasi yake ya madeni kwa mwaka mzima. Alipofikiria kuifuata milioni nyingine kwa mkopeshaji wa mtaani, wale wa kausha damu, mchambuzi alimweleza kwamba mkopo wa namna hiyo, hata usipoonekana kwenye kanzidata, utaonekana kwenye taarifa yake ya simu kila wiki anapolipa.

Alichofanya badala yake ni kurudi kwa mchambuzi na kuuliza swali ambalo watu wachache huuliza: "Kaka, niambie ni mstari gani kwenye hesabu yako ninaoweza kuubadilisha." Akapewa karatasi yenye mistari minne: Bodi, mkataba, zamu na pango. Mikopo ya simu ilikuwa ya kuacha tu.

Miezi sita ya kupanga karatasi

Bodi ya Mikopo ilikuwa ya kwanza, na ndiyo iliyoleta mabadiliko makubwa kwa kazi ndogo. Rehema alikuwa akikatwa kwa miaka mingi bila kujua salio lake. Alipoomba taarifa ya deni, alikuta amebakiza 900,000, yaani makato ya miezi mitano. Hakuhitaji kulilipa kwa mkupuo. Alisubiri, deni likaisha, akachukua barua ya Bodi ya kuthibitisha amemaliza na kuipeleka kwa ofisa rasilimali watu ili mwajiri asiendelee kukata. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo watu husahau: slipu ikiendelea kuonyesha makato ya Bodi, benki itayahesabu makato hayo, hata kama una barua mkononi. Slipu ya mwezi wa sita ilitoka bila mstari huo, na 180,000 ikarudi kwenye nafasi yake ya madeni.

Mkataba ulikuwa mgumu zaidi kwa sababu haukuwa mikononi mwake. Aliandika barua akiomba mkataba uhuishwe mapema, akaeleza sababu kwa uwazi. Uongozi wa hospitali ulikubali kusaini mkataba wa miaka miwili utakaoanza pale wa sasa unapoisha. Wakati wa ombi la pili, miezi 8 ilikuwa imebaki kwenye wa zamani, ikijumlishwa na 24 ya mpya inakuwa 32. Toa miwili ya tahadhari, muda wa mkopo ukawa miezi 30. Barua ya mwajiri safari hii ilisema zaidi ya "ni mtumishi wetu": ilitaja tarehe ya kuanza kazi, idadi ya mara mkataba ulivyohuishwa, mshahara wa msingi, posho zisizobadilika, na kwamba idara ya maabara ina ratiba ya zamu ambayo kila mtaalamu huingia.

Kuhusu zamu, alileta slipu za miezi sita yote badala ya tatu, na safari hii alihakikisha hakosi zamu mwezi wowote. Mwezi wa chini kabisa ulikuwa na malipo ya ziada ya 120,000. Benki haikuchukua wastani, ilichukua ule wa chini. Tena haikuchukua 120,000 nzima: ikitoa asilimia 10 ya NSSF na asilimia 30 ya kodi kwenye kinachobaki, kilichohesabiwa ni 75,600. Watu wengi hushangaa hapa. Mtu ambaye mshahara wake umeshavuka milioni moja baada ya NSSF, kila 100,000 ya ziada humfikia mkononi ikiwa 63,000, na benki huhesabu hiyo 63,000.

Vyumba vya Mbagala alivifanyia kazi kama ifuatavyo. Aliandika mikataba ya pango na wapangaji wote wawili, kodi ya zuio ya asilimia 10 ikalipwa TRA na stakabadhi zikahifadhiwa. Wapangaji wakaanza kumlipa moja kwa moja kwenye akaunti kutoka kwenye simu zao. Walilipa kila miezi mitatu, kwa hiyo ndani ya miezi sita palionekana miamala minne ya 240,000, kila mmoja ukiwa na jina la mpangaji aliye kwenye mkataba. Jina la aliyelipa kufanana na jina la kwenye mkataba ndiko kulikoifanya kodi hiyo ihesabike. Hata hivyo benki ilihesabu nusu tu: 160,000, ukitoa kodi ya zuio inabaki 144,000, na nusu yake ni 72,000. Mpangaji anaweza kuhama, chumba kinaweza kukaa miezi miwili bila mtu, paa linaweza kuvuja.

Deni la 38,000 alililipa wiki ile ile aliyoambiwa, akadai uthibitisho wa maandishi kutoka kwa aliyemkopesha. Kabla ya kuomba tena alichukua taarifa yake ya mikopo kutoka kampuni mojawapo ya taarifa za mikopo inayofanya kazi kwa leseni ya Benki Kuu, Creditinfo Tanzania, akahakikisha deni linasomeka limelipwa. Historia ya kuchelewa haikufutika, ila kuna tofauti kubwa kati ya deni lililochelewa likalipwa na deni lililo wazi.

Jambo la mwisho hakuambiwa na mtu, alilifikiria mwenyewe: alileta taarifa ya michango yake ya NSSF. Nitalirudia kwenye uchambuzi.

Ombi la pili na matokeo

Hesabu ilipangwa upya. Mshahara usiobadilika baada ya NSSF na kodi, 1,054,000. Zamu, 75,600. Pango, 72,000. Jumla ya kipato kilichothibitishwa, 1,201,600. Nusu yake ni 600,800. Deni lililobaki ni la Saccos pekee, 120,000. Nafasi ya rejesho jipya: 480,800.

Kwa miezi 30 na asilimia 17, nafasi hiyo inabeba kama milioni 11.68. Milioni 12 aliyoitaka mwanzo ingedai rejesho la karibu 493,800, hivyo ilikosa kwa kama 13,000 tu kwa mwezi. Mchambuzi alimweleza kwamba angeweza kupewa hadi milioni 11.6, lakini alimwomba kwanza watazame mwezi mbaya: hakuna zamu, vyumba viko tupu. Kwa mkopo wa milioni 11.6, mwezi huo angebaki na kama 456,700. Ni juu ya theluthi, kipimo kinapita. Rehema alitaja ada ya shule, nauli za kwenda na kurudi kazini, chakula na umeme, akasema hiyo haitoshi.

Alichukua milioni 9. Milango na madirisha aliyaahirisha. Rejesho likawa kama 370,300 kwa mwezi, na mwezi mbaya unamwachia kama 563,700. Ada ya mkopo na bima, kwa benki hii asilimia 2 kwa pamoja, zilikatwa mwanzoni, kwa hiyo iliyoingia kwenye akaunti ni 8,820,000. Alikuwa amemwambia fundi milioni 9 kamili, ikabidi ajazie 180,000 kutoka mfukoni. Hadi naandika hili, marejesho hayajachelewa.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kilichombeba Rehema ni kwamba kila shilingi aliyoidai ilionekana katika nyaraka mbili zilizotoka kwa watu wawili tofauti. Slipu hutoka kwa mwajiri, muamala wa mshahara hutoka benki. Slipu ikisema 754,000 na akaunti ikipokea 754,000, mchambuzi hana la kuuliza. Zikitofautiana hata kwa elfu chache, atatafuta sababu, na mara nyingi sababu ni slipu iliyochezewa. Mkataba wa pango na muamala wenye jina la mpangaji hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo.

Taarifa ya NSSF inastahili maelezo zaidi kwa sababu waombaji wa sekta binafsi huidharau. Mchango wote, wa mfanyakazi na wa mwajiri, ni asilimia 20 ya mshahara. Kwenye taarifa ya Rehema, miezi isiyo na zamu ilionyesha 280,000. Mchambuzi akigawanya kwa 0.2 anapata 1,400,000, mshahara ule ule wa kwenye slipu. Slipu ni rahisi kughushi, ila taarifa ya mfuko wa hifadhi ya jamii huwezi kuibadilisha ukiwa nyumbani. Zaidi ya hapo, taarifa hiyo inasema jambo kuhusu mwajiri. Michango ikifika kila mwezi kwa wakati, mwajiri ana afya. Ikiwa slipu inaonyesha mfanyakazi amekatwa lakini mfuko haujapokea kwa miezi minne, benki itaanza kujiuliza kama mshahara wa mwezi ujao utalipwa. Nimeona maombi ya watu wenye mishahara mikubwa yakikwama kwa sababu hiyo, na mwombaji hakuwa na kosa.

Kuondoa deni dogo lenye makato makubwa pia kulifanya kazi kuliko kuongeza kipato. Salio la Bodi lilikuwa 900,000, ila makato yake ya kila mwezi yalikuwa yanakula 180,000 ya nafasi. Ili kupata nafasi ya 180,000 kwa njia ya kipato, chini ya kipimo cha nusu, Rehema angehitaji kipato kipya kilichothibitishwa cha 360,000 kwa mwezi. Pango na zamu kwa pamoja, baada ya usumbufu wote wa mikataba na stakabadhi, vilimwongezea nafasi ya 73,800 tu. Mtu mwenye muda mfupi wa kujiandaa aanze na madeni yaliyobakiza miezi michache.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Kuzungusha hela kulimharibia. Mchambuzi haangalii jumla ya fedha zilizoingia, anatazama salio linalobaki kati ya mshahara mmoja na mwingine, na anatazama umbali kati ya kuingia na kutoka. Fedha iliyolala saa tano ndani ya akaunti haithibitishi kipato. Ubaya wake mkubwa ni kwamba ilifanya hata miamala halali ionekane ya mashaka.

Tawi nalo lilikosea. Mwombaji wa mkataba wa muda maalumu anapaswa kuulizwa mkataba siku ya kwanza, kabla ya kuambiwa rejesho la miezi 48 litakuwa kiasi gani. Rehema alitoka pale akiwa na namba ya 346,000 kichwani, akaahidi fundi, na jibu la milioni 2 likamjia kama tusi. Jibu lenyewe lilikuwa sahihi kihesabu, lakini lilitolewa bila maelezo, na kama asingeuliza angebaki akiamini kwamba mshahara wake ni mdogo. Mshahara haukuwa tatizo.

Mikopo ya simu ilihesabiwa kwa ukali, na hapa nadhani benki ilikuwa na haki nusu. Elfu ishirini inayokopwa Jumanne na kulipwa mshahara ukiingia si mzigo wa kudumu. Lakini mchambuzi anaposoma taarifa yenye mikopo ya simu kila wiki, anachokiona ni kwamba fedha za mtu huyu huisha kabla ya mwezi kuisha. Rejesho jipya la laki tatu na kitu litaongezwa juu ya mwezi ambao tayari haufiki mwisho. Miezi sita bila mikopo hiyo ilimwonyesha mchambuzi kwamba Rehema anaweza kufika tarehe ya mshahara kwa fedha zake, jambo ambalo slipu haiwezi kuonyesha.

Kusubiri kulikuwa na gharama yake. Masika yalilikuta boma halina paa, na kozi za juu za upande mmoja zililowa na kulegea, ikabidi fundi azivunje na kuzijenga upya kabla ya kupaua.

Saccos haikuguswa, na kuna wanaouliza kwa nini benki haikuinunua ili kumfungulia nafasi ya 120,000 zaidi. Akiba yake ya Saccos ndiyo inayoushikilia mkopo ule, na wenzake watatu wa maabara ni wadhamini wake. Mkopo huo unabakiza miezi 8 na utaisha wenyewe. Ukishaisha, nafasi yake ya madeni itapanuka bila kukopa tena, ila kama atataka mkopo wa milango na madirisha wakati huo, mkataba wake utakuwa umebakiza miezi 24, na muda wa mkopo mpya hautazidi 22.